Nauli ya chini kabisa kwenye skrini: nani amelipa ili ikae pale juu?

Kila maonyesho ya biashara ya Guangzhou yanapokaribia, yale yanayofunguliwa katikati ya Aprili na tena katikati ya Oktoba, simu za kipindi chetu cha asubuhi hubadilika mada. Wafanyabiashara wa hapa Mwanza wanaacha kuulizia bei ya dola na kuanza kuulizia bei ya tiketi. Safari hii mmoja wao alitupigia akiwa na kisa chake mwenyewe. Ni mama anayeuza viatu na mikoba pale Makoroboi, na ametuomba tusimtaje jina kwa sababu, kama alivyosema, wakwe zake bado hawajui kilichotokea.

Alitafuta tiketi ya Dar es Salaam kwenda Guangzhou na kurudi kwenye tovuti ya kulinganisha nauli, zile ambazo unaandika unakotoka, unakokwenda na tarehe, halafu zinakuletea orodha ya ndege za mashirika mbalimbali. Juu kabisa ilikaa tiketi ya dola 612. Iliyofuata, ya shirika moja kutoka mwanzo hadi mwisho, ilikuwa dola 780. Tofauti ya dola 168 kwa mtu anayekwenda kununua mikoba ni mikoba mingi. Akabonyeza ile ya 612, akapelekwa kwa wakala wa mtandaoni ambaye hakuwahi kumsikia, akalipa kwa kadi ya mwanawe.

Siku ya safari alikwama kwenye kaunta ya uwanja wa ndege Dar es Salaam. Mhudumu alimwambia: "Mama, tiketi yako inaishia Dubai. Viza ya kuingia Dubai iko wapi?"

Yeye alijua anapita tu Dubai. Lakini alichouziwa hakikuwa tiketi moja. Zilikuwa tiketi mbili za mashirika mawili yasiyohusiana, zilizounganishwa na wakala kwenye ukurasa mmoja: moja ya Dar hadi Dubai, nyingine ya Dubai hadi Guangzhou. Mwenye tiketi za namna hiyo na begi la kwenye buti la ndege anatakiwa kutoka uhamiajini Dubai, achukue begi lake, kisha alipeleke upya kwenye kaunta ya shirika la pili. Mtanzania anayetaka kutoka uhamiajini pale anahitaji viza aliyoiomba mapema. Hakuwa nayo, hivyo shirika la kwanza lilimkatalia kupanda, na kwa kweli halikuwa na namna nyingine. Shirika likimpeleka abiria asiye na nyaraka linaweza kutozwa faini na kulazimika kumrudisha kwa gharama zake. Ndiyo maana wahudumu wa kaunta huangalia kila pasi kwenye mfumo wa masharti ya viza unaoitwa Timatic kabla ya kutoa kadi ya kupandia.

Wakala alimjibu kwa barua pepe kwamba nyaraka za safari ni jukumu la abiria. Neno hilo lilikuwepo kwenye masharti, na tovuti ya kulinganisha nayo ilikuwa imeandika kwa herufi ndogo chini ya muda wa safari: Self-transfer. Hakulielewa, na hakuna aliyemwambia kwamba neno hilo ndilo lililopunguza zile dola 168.

Tumetumia siku kadhaa kufuatilia swali lililobaki baada ya simu yake kukatika. Kwa nini tiketi mbovu kwa mtu kama yeye ndiyo iliyokaa juu? Jibu linaanzia kwenye jambo ambalo wengi hatuulizi kwa sababu huduma ni ya bure: tovuti hizi zinakula wapi?

Mbonyezo wako una bei

Tovuti ya kulinganisha, kama Skyscanner, Kayak au Momondo, kwa kawaida haiuzi tiketi yenyewe. Inakuonyesha bei, unabonyeza, unahamishiwa kwa muuzaji, ambaye ni shirika la ndege lenyewe au wakala wa mtandaoni. Muuzaji huyo ndiye anayeilipa tovuti. Mara nyingi analipa kwa kila mbonyezo, ununue usinunue. Mara nyingine analipa kamisheni pale tu tiketi inaponunuliwa. Juu ya hapo kuna matangazo, yakiwemo yale yanayofanana kabisa na matokeo ya kawaida isipokuwa kwa alama ndogo ya Ad au Sponsored. Google Flights iko tofauti kidogo. Kampuni hiyo inasema haipokei malipo ili kulipandisha shirika fulani kwenye matokeo, na inajulikana kwamba mapato yake makubwa yanatoka kwenye matangazo.

Hakuna wizi katika hili. Dalali wa nyumba hapa mjini naye anaishi kwa kulipwa na upande mmoja wa biashara, na bado anaweza kukupatia nyumba nzuri. Ila unapaswa kujua kwamba ni dalali.

Tatizo huja pale malipo yanapoamua nani akae juu. Mfano ulio wazi zaidi umetoka Australia, na unahusu hoteli badala ya ndege, ingawa biashara ni ileile. Tume ya ushindani na ulinzi wa walaji ya nchi hiyo iliishtaki Trivago, tovuti ya kulinganisha bei za hoteli iliyokuwa ikijitangaza kwenye televisheni kwamba inakupatia bei nafuu. Mwezi Januari 2020 Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba Trivago iliwapotosha wateja, kwa sababu hesabu iliyopanga ofa ya juu ilitoa uzito mkubwa kwa kiasi ambacho muuzaji alikuwa akiilipa kwa kila mbonyezo. Ushahidi ulionyesha kwamba katika asilimia 66.8 ya orodha zilizochunguzwa, ofa iliyowekwa juu haikuwa ya bei ya chini kabisa. Mwaka 2022 kampuni iliamriwa kulipa dola za Australia milioni 44.7.

Ukongwe wa jambo hili ulitushangaza. Kabla ya intaneti, mawakala wa Marekani walitumia kompyuta za kukatia tiketi zilizomilikiwa na mashirika ya ndege, na mwenye kompyuta alipanga ndege zake zitokee kwanza kwenye skrini. Wakala mwenye haraka alichagua kilichokuwa mbele ya macho yake. Bodi ya usafiri wa anga ya nchi hiyo ilipiga marufuku upendeleo huo wa skrini mwaka 1984. Miaka arobaini baadaye kidole kinachochagua kilicho juu si cha wakala tena, ni chako.

Kuna jambo jingine la kujua kabla hujafungua tovuti ya pili "ili kuhakikisha". Kayak, Momondo na Cheapflights zote ziko chini ya kampuni moja, Booking Holdings. Skyscanner, iliyoanzishwa Edinburgh, ilinunuliwa mwaka 2016 na kampuni ya Kichina ambayo sasa inaitwa Trip.com Group, ambayo yenyewe inauza tiketi. Ukilinganisha Kayak na Momondo umeuliza bei kwenye milango miwili ya duka moja.

Wakala anauzaje chini ya bei ya shirika?

Hapa ndipo mama wa Makoroboi alipotuuliza swali zuri kuliko letu: kama shirika lenyewe linauza kwa 780, huyu wa katikati, ambaye bado anailipa tovuti kwa kunileta, anapata wapi faida akiuza 612?

Kwa tiketi yake jibu lilikuwa zile tiketi mbili zilizounganishwa, ambazo zinaweza kuwa nafuu kwa sababu hakuna shirika linalobeba dhamana ya safari nzima. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni lolote kwako. Limekusubiri, hukuja, basi. Baadhi ya mawakala huuza dhamana yao wenyewe ya kukupangia safari nyingine, lakini hiyo ni ahadi ya wakala, na haikupi viza.

Hata tiketi ya kawaida ya shirika moja unaweza kuikuta kwa wakala ikiwa dola 15 au 20 chini ya bei ya shirika. Wakala ana vyanzo kadhaa vya kufidia hilo. Wengi wao hukata tiketi kupitia mifumo mikubwa ya mauzo, Amadeus, Sabre na Travelport. Shirika la ndege huilipa mifumo hii kwa kila kipande cha safari kinachouzwa, na mfumo humgawia wakala sehemu ya malipo hayo. Wengine wana nauli za makubaliano ambazo shirika haliziweki hadharani. Kuna pia wanaokubali kupata hasara kwenye nauli ili wakae juu ya orodha, halafu wakurudie kwenye kurasa zinazofuata: begi kwa bei ya juu kuliko ya shirika, kiti, bima, ada ya kadi, na kile kinachoitwa huduma ya daraja la juu, ambacho maana yake ni kwamba ukipiga simu kutakuwa na mtu wa kupokea. Ukitaka kubadilisha tarehe, utalipa tofauti ya shirika pamoja na ada ya wakala.

Ndiyo sababu bei ya kwenye orodha na bei ya kwenye ukurasa wa kulipia hutofautiana. Hiyo ya pili ndiyo bei, na kwa mfanyabiashara anayerudi na mzigo bado haijakamilika mpaka begi la pili liwemo.

Mashirika nayo hayapendi kulipia njia hiyo ndefu. Kundi la Lufthansa lilianza Septemba 2015 kuongeza yuro 16 kwenye kila tiketi inayokatwa kupitia mifumo hiyo, ili wateja waende kwenye tovuti yake. Kwa hiyo mara nyingine bei ya chini iko kwa shirika lenyewe, na tovuti ya kulinganisha haikuonyeshi hivyo.

Bei inayotoweka ukiigusa

Malalamiko tunayoyapokea zaidi ni haya: "Nimeona 640, nimebonyeza, imekuwa 705. Wamejua naitaka." Mara nyingi maelezo ni ya kawaida tu.

Viti vya daraja la kawaida kwenye ndege moja vimegawanywa katika mafungu ya bei, kila fungu likiwa na herufi yake. Tuseme fungu la chini limebakiwa na viti viwili kwa dola 640, na linalofuata lina viti vingi kwa 705. Mtu wa pili akishanunua, 640 imekwisha hata kama nusu ya ndege ni tupu. Na ukitafuta tiketi tatu kwa pamoja, mifumo mingi itawapa wote watatu bei ya 705, kwa kuwa inatafuta fungu lenye viti vitatu. Familia au kundi la wafanyabiashara watafute kwanza kwa mtu mmoja, waone kama bei ya kichwa inashuka. Ikishuka, wawili wakate kwa bei ya chini na mmoja akate peke yake.

Sababu ya pili ni kwamba tovuti ya kulinganisha haiulizi shirika upya kila unapotafuta. Maulizo yana gharama, na mashirika hayapendi anayeuliza mara elfu na kuuza mara moja. Hivyo sehemu ya bei unazoziona, hasa kwenye kalenda ya mwezi mzima, ni kumbukumbu ya utafutaji wa mtu mwingine, pengine wa saa kadhaa zilizopita. Kwenye njia inayotafutwa na maelfu kila saa, kumbukumbu hiyo ni mbichi. Kwenye njia yetu ya Dar hadi Guangzhou inaweza kuwa imelala.

Hata hivyo kalenda hiyo, pamoja na huduma ya kufuatilia bei kwa barua pepe, ndiyo sehemu ya tovuti hizi tunayoisifu bila kusita. Unaweka njia na tarehe zako, unaacha. Bei ikipanda au kushuka unaarifiwa. Ukiifuatilia kwa wiki nne au tano unajifunza bei ya kawaida ya njia yako ni ipi, kitu ambacho kutembelea tovuti moja moja kwa siku moja hakiwezi kukufundisha. Kalenda nayo inaweza kukuonyesha kwamba kuondoka Jumanne badala ya Ijumaa kunapunguza dola themanini.

Moja moja, kwa njia zetu, si kazi kubwa

Anayesafiri kutoka London kwenda New York ana mashirika mengi kiasi kwamba kuyapitia yote ni kujitesa. Sisi hatuko hivyo. Kutoka Dar kwenda Guangzhou, orodha ya maana ni fupi: Air Tanzania bila kubadilisha ndege, Ethiopian kupitia Addis Ababa, Kenya Airways kupitia Nairobi, Emirates kupitia Dubai na Qatar Airways kupitia Doha. Ni tovuti tano. Kwa mtandao wa wastani ni kazi ya saa moja, na kwa maoni yetu saa hiyo inalipa.

Tulirudi na mama huyu kwenye meza na kuifanya upya hesabu yake, safari hii kwa tarehe za mwaka huu. Tovuti ya kulinganisha tuliitumia kuona tarehe nafuu na mashirika yaliyopo. Kisha tukafungua tovuti za mashirika yenyewe tukiwa na swali moja kwa kila shirika: tiketi moja, kwenda na kurudi, na mabegi mawili ya kilo 23, ni kiasi gani kwenye ukurasa wa mwisho?

Kwenye orodha ya kulinganisha ofa ya wakala ilikuwa dola 735. Shirika lilelile kwenye tovuti yake lilitaka 762. Lakini nauli ya wakala ilikuwa na begi moja. Begi la pili kwake lilikuwa dola 70, ilhali nauli ya shirika ilikuwa na mabegi mawili ndani. Ya wakala ikawa 805 kabla ya ada ya kadi. Tunakiri kwamba tulipojaribu tarehe nyingine matokeo yaligeuka. Wakala alikuwa chini kwa dola 31 hata baada ya begi, na kwa mtu asiyetarajia kubadilisha tarehe ingekuwa halali kabisa kununua kwake.

Kama ungenunua kwa wakala, kuna ukaguzi mmoja usiochukua dakika tano. Kabla ya kulipa, tazama kama neno Self-transfer au maneno kama hayo yapo popote, na kama safari nzima ina namba moja ya kuhifadhi nafasi. Zikiwa mbili, uliza tena. Baada ya kulipa, nenda kwenye tovuti ya shirika la ndege, siyo ya wakala, fungua sehemu ya Manage booking na uweke namba hiyo pamoja na jina lako la ukoo. Safari ionekane nzima hadi mwisho, na iwe na namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Tatu za kwanza ni za shirika: 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates. Ukiona namba ya kuhifadhi nafasi tu bila namba ya tiketi, wakala amekuwekea kiti lakini hajakilipia, na kiti hicho kinaweza kufutwa.

Tovuti za mashirika nazo si malaika. Kuna nauli ya chini isiyo na begi, kuna kiti cha kulipia, na bei inaweza kuonekana kwa fedha ambayo benki yako itakukata kuibadilisha. Faida kubwa kwetu ni kwamba ndege ikifutwa, shirika linashughulika na wewe moja kwa moja badala ya kukwambia urudi kwa aliyekuuzia. Na baadhi ya mashirika yanayouza hapa yanapokea malipo ya simu, jambo ambalo wakala wa mtandaoni aliyeko Ulaya au Asia kwa kawaida halijui.

Wapo pia mawakala wa mjini, wenye ofisi na kiti cha kukalia. Nao wanatumia mifumo ileile ya Amadeus na wenzake na wanatoza ada yao, ila wanaweza kukushikia nafasi kwa muda kabla hujalipa, na unajua mlango wao ulipo.

Mama wa Makoroboi alirudishiwa sehemu ndogo tu ya fedha za tiketi zake za kwanza, zile kodi za uwanja, baada ya miezi miwili ya barua pepe. Ya mwaka huu amekata kwenye tovuti ya shirika, kwa ile 762. Tulipomuuliza kama ameifuta ile tovuti ya kulinganisha kwenye simu yake, alicheka. Bado ipo, inamtumia arifa za bei ya Aprili.